Domeni imezimwa na hujachelewa kulipia? Angalia imeili

Wauzaji wenzangu, chukueni mfano wa dada anayeuza asali na maharage kutoka Kansay, Karatu. Kalipia domeni yake ya .com mwaka mzima. Asubuhi moja mteja wa Arusha anamwandikia WhatsApp: "Dada, mbona tovuti haifunguki?"

Anadhani bando limeisha, kisha anadhani pesa imeliwa. Kumbe wiki mbili nyuma alibadilisha imeili kwenye akaunti ya domeni, akaweka info@ ya domeni yake mwenyewe, sanduku ambalo hajawahi kulifungua. Ujumbe wa kuthibitisha ulienda huko ukakaa.

Domeni za .com, .net na .org zinafuata kanuni za ICANN. Ukisajili domeni mpya, ukiihamisha, au ukibadilisha taarifa za mmiliki, msajili (kampuni uliyonunulia domeni) anatakiwa kuthibitisha imeili au simu yako ndani ya siku 15. Usipojibu, anaweza kuisimamisha. Domeni bado ni yako, ila tovuti haionekani, na imeili za domeni hiyo nazo zinalala. Ndiyo maana info@ ni mtego: ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Utajuaje kuwa tatizo ni hili? Ingia lookup.icann.org, andika domeni yako. Soma kwanza tarehe ya mwisho. Kama bado haijafika na kwenye Domain Status kuna clientHold, shuku uthibitisho. Wasajili wengine hawaweki alama hiyo. Wanaielekeza domeni kwenye ukurasa wao wa tangazo. Kwa hiyo malizia kwa kuangalia ndani ya akaunti yako.

Kuirudisha fanya hivi:

1. Ingia akaunti ya msajili kwa kuandika anwani yake mwenyewe. Usibonyeze linki ya imeili usiyoiamini, matapeli wanaiga ujumbe huu.
2. Angalia imeili ya mmiliki. Kama ni ya domeni ileile, au ya fundi aliyekutengenezea tovuti, weka ya kwako ya Gmail au nyingine unayoifungua kila siku.
3. Omba ujumbe utumwe upya. Usipouona, tafuta kwenye Spam.
4. Bonyeza linki ya kuthibitisha. Kubadilisha imeili peke yake hakutoshi.

Baada ya hapo kizuizi huondolewa, mara nyingi ndani ya saa chache, ingawa simu za wateja wengine zinaweza kuchukua siku moja au mbili kuiona tovuti tena. Ikipita siku mbili bado kimya, mwandikie msajili umtajie domeni na saa uliyothibitisha.

Na kama akaunti yote iko kwa jina la fundi, mtafute leo aihamishie kwako. Siku domeni ikizimwa, atakayeulizwa ni yeye, si wewe.

Wenye .co.tz, hizo siku 15 za ICANN si zenu, taratibu zenu muulizeni msajili wenu.