Viatu Vilivyolala Rafuni

Katika maduka mengi madogo kuna pembe moja ambayo mwenye duka hapendi kuitazama. Hapo ndipo yalipo maboksi yaliyofifia rangi, yenye bidhaa ambazo hazijaulizwa na mteja kwa miezi mingi. Zikiulizwa, bei yake ni ile ile ya siku zilipowasili. Mwenye duka husema, "Hizi ni mali yangu, siku moja zitapata mtu." Huenda zikampata, lakini yafaa kujua kungoja huko kunamgharimu kiasi gani.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la viatu katika mji kama Mbale, nchini Uganda. Mwishoni mwa Januari, kabla ya shule kufunguliwa, alikwenda Kampala kununua viatu vyeusi vya wanafunzi. Alikusudia kuchukua jozi 36, kwa shilingi 21,000 kila jozi. Muuza jumla akamwambia, "Mama, chukua jozi 60, nikufanyie 20,000." Akakubali. Dukani aliviuza kwa shilingi 30,000.

Kufikia katikati ya Machi jozi 36 zilikuwa zimeuzwa, zikamletea shilingi 1,080,000. Kwa kuwa zilimgharimu 720,000, faida yake ilikuwa 360,000. Jozi 24 zikabaki. Tangu hapo hadi mwanzo wa Juni haikutoka hata jozi moja, ijapokuwa muhula wa pili ulifunguliwa katikati yake. Shilingi 480,000 zikawa zimelala rafuni.

KUPIMA KABLA YA KUAMUA

Si kila mali isiyotoka imekufa. Kiatu cha shule hulala kati ya mihula na kuamka Januari. Kwa hiyo mama huyu hana budi kushusha maboksi yote, kuyafungua, na kuandika katika daftari idadi, nambari ya kila kiatu na tarehe ya kununuliwa. Kazi hiyo humwonyesha mambo mawili.

Jambo la kwanza ni nambari. Katika jozi 24, nyingi ni 41 na 42, na chache ni 33. Nambari za katikati, zinazovaliwa na wanafunzi wengi, zilikwisha mapema. Aina iliyokatika nambari namna hii haiuziki vizuri hata Januari ijayo, maana kila anayevutiwa na kiatu huambiwa kwamba saizi yake haipo.

Jambo la pili ni soli. Soli za mpira hustahimili kulala. Zile nyepesi zenye vitundu vidogo ndani, ziitwazo poliurethani, huoza zenyewe hata kiatu kisipovaliwa, kwa sababu unyevu wa hewa huvunja polepole kile kinachozishikamanisha. Joto huharakisha jambo hilo. Kwa macho kiatu huonekana kipya. Kikivaliwa kwa siku chache, soli humegeka kama mkate mkavu. Dalili hutafutwa kwa kidole gumba na kwa mikono: soli ikinata, ikiacha unga au ikipasuka inapokunjwa, kiatu hicho kimekwisha. Mama alipokunja soli zake, jozi 3 zilipasuka. Kuoza huko huchukua miaka, wala si miezi minne. Maana yake ni kwamba viatu hivyo vilikuwa vimelala kwa muuza jumla muda mrefu kabla ya kufika Mbale. Punguzo lile la bei lilikuwa njia yake ya kuondoa mali yake iliyolala.

KUPUNGUZA BEI

Kosa la kawaida hapa ni kupanga bei kwa kutazama fedha zilizokwisha kulipwa. Shilingi 20,000 zilitoka Januari, na hakuna bei itakayozirudisha nyuma. Swali linalofaa ni hili: kama leo asingekuwa na viatu hivi, angekubali kuvinunua kwa bei gani ili aviuze? Jibu hilo ndilo thamani yake halisi.

Mama alishusha bei kwa hatua, kila hatua wiki mbili. Kwanza aliweka 24,000, na jozi 10 zikatoka. Kisha akaweka 17,000, chini ya bei aliyonunulia, na jozi 8 zikatoka. Jozi 3 za mwisho zilizo nzima aliziuza kwa 10,000. Hatua ya kwanza yapasa iwe kubwa kiasi cha kuonekana. Aliyekataa kiatu kwa 30,000 hatashawishika kwa 29,000. Tena viatu hivyo vilipangwa mbali na viatu vipya, visije vikawavuta wateja wa bei kamili.

Jumla alipata shilingi 406,000 kwa mali iliyomgharimu 480,000. Amepoteza 74,000. Lakini fedha zile sasa zinatembea. Kwa 400,000 alinunua jozi 100 za kandambili kwa shilingi 4,000, akaziuza kwa 5,000. Zilipokwisha alikuwa amepata faida ya 100,000, na pengo likazibwa mara moja, muda mrefu kabla ya Januari. Hesabu hii ina sharti lake: inafaa tu ikiwa bidhaa mpya inatoka kweli. Kubadilisha viatu vilivyolala kwa kandambili zitakazolala si dawa.

KUFUTA HESABUNI

Jozi 3 zilizooza hazifai kuuzwa kwa bei yoyote, kwani mnunuzi atarudi na soli mkononi. Hizo hufutwa. Daftarini huandikwa tarehe, idadi, gharama yake ya shilingi 60,000 na sababu. Shahidi mmoja hutia sahihi, na picha hupigwa. Kisha viatu hukatwa ili visirudi sokoni. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomsaidia mama mbele ya afisa wa kodi atakapouliza mali ilikwenda wapi.

Viatu vizima navyo havibaki daftarini kwa 20,000 ikiwa vinatarajiwa kuuzwa kwa 17,000. Kanuni ya uhasibu ni kuandika kiasi kilicho kidogo: gharama ya kununua, au fedha zitakazopatikana baada ya kutoa gharama za kuuza. Anayeacha bei ya zamani daftarini hujiona tajiri kuliko alivyo, na huenda akatumia faida ambayo haipo.

DAWA IKO WAKATI WA KUNUNUA

Turudi sasa kwenye punguzo la Kampala. Katika jozi 36 zilizouzwa kwa bei kamili, punguzo la 1,000 lilimwokolea mama shilingi 36,000. Jozi 24 za ziada zilizoambatana nalo zikampotezea 74,000. Kumbe kununua rahisi kumemgharimu zaidi ya mara mbili ya alichookoa.

Kwa Januari ijayo ana mwongozo bora kuliko maneno ya muuza jumla, nao ni daftari lake la nambari. Ndani yake ataandika si zilizouzwa tu, bali pia zilizoulizwa zikakosekana, kwa maana nambari iliyokwisha wiki ya kwanza ingeweza kuuzwa zaidi. Atanunua jozi 24 kwanza, nyingi zikiwa za nambari za katikati, na kuagiza nyingine baada ya wiki moja akiona zinatoka. Nauli ya mzigo wa pili ataiingiza katika hesabu, ailinganishe na hasara ya mali kulala. Na kabla hajatoa fedha, atafungua maboksi machache palepale kwa muuza jumla, akunje soli kwa mikono yake mwenyewe.