Simu ya Chumba cha Nyuma

Katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, wapangaji wa sebuleni walilalamika kwamba intaneti hulegea kila jioni, ilhali ruta wanaiona pale pale na simu zao zinaonyesha mistari yote. Fundi wa mitandao aliyeitwa hakuigusa ruta. Aliuliza tu: "Nani analala chumba cha nyuma?"

Swali hilo halikunitoka kichwani, nikamfuata anieleze.

"Kampuni inaipa ruta anwani moja," alisema. "Humu ndani ruta inagawa anwani zake, mfano 192.168.1.12, na inaweka kumbukumbu ya nani kaomba nini, jibu lisipotee. Hapo hapana tabu. Tabu iko hewani."

Hewani, simu zote hutumia chaneli moja. Moja ikituma, nyingine husubiri. Kila simu hupata zamu, lakini simu inayosikika vibaya hulazimika kusema polepole ili ieleweke, hivyo zamu yake huwa ndefu. Fundi alinipigia hesabu: simu ya sebuleni ina kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ya nyuma 5. Mzigo ambao ya kwanza huumaliza kwa nukta moja, ya pili huumaliza kwa nukta 20. Zikipokezana mzigo kwa mzigo, ile ya sebuleni nayo hushuka chini ya megabiti 5. "Mgonjwa yuko nyuma, anayelia yuko mbele," alisema. Ruta nyingine za kisasa hugawa muda badala ya mzigo. Ile haikuwa na uwezo huo.

Kwa nini simu ya nyuma isikike vibaya, na umbali ni hatua chache? Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Jiwe hilo lina vitundu vinavyonyonya unyevu na chumvi ya bahari, na maji humeza mawimbi ya redio. Kando ya ruta, simu ya fundi ilisoma -45 dBm. Nyuma ya ukuta, -78 dBm. Tofauti hiyo ya desibeli 33 ina maana kwamba nguvu imepungua mara 2,000 hivi. Hiyo ni kwa mawimbi ya gigahetzi 2.4. Ya gigahetzi 5, yanayobeba data kwa kasi zaidi, hayakufika kabisa.

Kuweka ruta yenye nguvu zaidi hakusaidii sana. "Itapiga kelele, simu itaisikia. Lakini simu itajibuje?"

Dawa yake ni kupitisha waya hadi nyuma na kufunga kituo kingine cha waifai huko, kwenye chaneli tofauti. Aliupitisha juu ya fremu ya mlango, kwa subira niliyoipenda, bila kutoboa ukuta. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Na nyumba ambazo mlango hauna upenyo, nani atamruhusu fundi atoboe, na kwa masharti gani?