Bei Mbili kwa Safari Moja: Nani Anafaidika?

Ukisimama kwenye dirisha la tiketi za boti ziendazo Zanzibar kutoka Dar es Salaam, utakuta bei mbili kwa kiti kile kile: mkazi ana bei yake, mgeni ana yake, na mgeni analipa zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwenye malango ya hifadhi zetu za taifa, ambako raia wa Afrika Mashariki hutozwa sehemu ndogo tu ya kiingilio cha mtalii. Wachumi huita jambo hili ubaguzi wa bei. Jina lina ukali, lakini maana yake ni nyepesi: kuuza kitu kimoja kwa bei tofauti, bila tofauti hiyo kutokana na gharama.

Mwingereza Arthur Pigou, katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu uchumi wa ustawi, aliugawa ubaguzi huu katika madaraja matatu. Hapa nitashika mawili. Katika daraja la kwanza, muuzaji anamtoza kila mnunuzi kiasi kile kile cha juu ambacho mnunuzi huyo yuko tayari kutoa. Katika daraja la tatu, muuzaji hamjui mtu mmoja mmoja, ila anajua kundi lake: mkazi au mgeni, mwanafunzi au mtu mzima. Kila kundi hupangiwa bei yake.

Ili kujua nani anapata nini, tunahitaji vipimo viwili. Ziada ya mlaji ni tofauti kati ya kiasi ambacho mnunuzi alikuwa tayari kulipa na bei aliyolipa kweli. Ziada ya mzalishaji ni tofauti kati ya bei aliyopokea muuzaji na gharama ya kumhudumia mnunuzi huyo. Ukijumlisha ziada hizo mbili, unapata faida yote ambayo biashara hiyo imeiletea jamii.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye boti mmoja, asiye na mshindani, anapeleka watu kwenye fungu la mchanga baharini. Kila abiria anayeongezeka anamgharimu shilingi 8,000 za chakula na vifaa vya kuogelea. Wako watu wanne wanaoitamani safari. Wa kwanza yuko tayari kulipa hadi 60,000, wa pili 30,000, wa tatu 30,000 na wa nne 20,000.

Akilazimika kutumia bei moja, atapiga hesabu. Kwa 60,000 atapata abiria mmoja na faida ya 52,000. Kwa 20,000 atawapata wote wanne, na faida ni 48,000. Kwa 30,000 atawapata watatu, na faida ni 66,000. Atachagua 30,000. Abiria wa kwanza anabaki na ziada ya 30,000, wa pili na wa tatu hawabaki na kitu, na wa nne anaachwa ufukweni ingawa 20,000 zake zingefidia gharama na kubakiza 12,000. Jumla ya ziada zote ni 96,000, na zile 12,000 zimepotea bila kumfaidi yeyote.

Sasa mpe mwenye boti uwezo wa daraja la kwanza. Atawatoza 60,000, 30,000, 30,000 na 20,000. Wote wanapanda na jumla inafika 108,000, kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Hakuna kilichopotea, lakini ziada ya mlaji ni sifuri na 108,000 zote ziko mfukoni mwa muuzaji. Hapo ndipo neno ufanisi linapohitaji kutazamwa kwa makini: keki imekuwa kubwa kuliko wakati wowote, na mlaji hana hata kipande.

Katika maisha halisi daraja hili halifikiwi kikamilifu, kwa sababu muuzaji hasomi mioyo. Kinacholikaribia ni mapatano ya bei dukani. Muuzaji anataja bei ya kuanzia, anatazama mavazi yako, anasikiliza lafudhi yako, anapima haraka uliyo nayo. Nawe unaficha hamu yako na kuondoka taratibu ili uitwe. Ziada unayoondoka nayo inatokana na kile usichomfunulia. Ndiyo maana taarifa za manunuzi yetu zina thamani kubwa kwa wauzaji: kadiri wanavyotufahamu, ndivyo wanavyosogelea daraja la kwanza.

Daraja la tatu lina ugumu wake, kwani kila kitu kinategemea mstari unaogawa makundi. Chukua abiria wetu wale wale. Tuseme wale watatu wa kwanza ni wageni, na wa nne peke yake ni mkazi. Kwa wageni bei inayolipa zaidi bado ni 30,000, na kwa mkazi ni 20,000. Wageni hawapotezi hata senti, mkazi anapata kiti, faida ya mwenye boti inapanda hadi 78,000 na jumla inafika 108,000. Hakuna aliyeumia.

Sasa sogeza mstari. Wageni ni wa kwanza na wa pili, wakazi ni wa tatu na wa nne. Kwa wageni sasa inalipa zaidi kutoza 60,000 na kumwacha wa pili, kwa kuwa 52,000 ni zaidi ya 44,000. Kwa wakazi inalipa kutoza 20,000. Abiria bado ni watatu, faida ya mwenye boti ni 76,000, ziada ya walaji imeshuka kutoka 30,000 hadi 10,000, na jumla imeanguka hadi 86,000. Zile 10,000 zilizopotea zimetoka wapi? Kiti kimehama kutoka kwa mtu anayekithamini kwa 30,000 kwenda kwa anayekithamini kwa 20,000.

Hii ndiyo kanuni aliyoithibitisha Richard Schmalensee mwaka 1981: ubaguzi wa daraja la tatu hauwezi kuongeza ziada ya jumla kama haukuongeza kiasi kinachouzwa. Mwaka 2015, Bergemann, Brooks na Morris walionyesha kwamba kwa kuchora mstari huku au kule, mgawanyo wowote unawezekana, mradi muuzaji asipate chini ya faida yake ya bei moja, walaji wasipate hasara na jumla isivuke ukomo wake.

Lakini jumla haisemi ni nani anayehesabiwa. Katika mgawanyo huo wa pili, ukiwahesabu mwenye boti na wakazi peke yao, wamepanda kutoka 66,000 hadi 86,000. Waliopoteza ni wageni. Nchi inayopanga bei mbili kwenye hifadhi zake ina hoja ya kweli hapo, ilimradi mgeni asiwe na hifadhi nyingine ya kukimbilia, na tiketi ya mkazi isiweze kuuzwa kwa mgeni. Kitambulisho kinachodaiwa langoni kazi yake ni hiyo.

Kwa hiyo bei mbili si dhuluma kwa asili yake, wala si huruma. Ukiambiwa na kampuni au mamlaka yoyote kwamba bei tofauti zimewekwa kwa manufaa ya wananchi, waulize jambo moja: idadi ya waliohudumiwa imeongezeka? Kama imebaki pale pale, ziada ya jumla haikukua. Kuna mtu amelipia nafuu ya mwingine, na huenda sehemu imebaki kwa muuzaji.