Rejista kwanza, WhatsApp baadaye

Watu wakitaka kukutana na waliosoma nao, jambo la kwanza wanafungua kundi la WhatsApp. Wiki mbili linachemka kwa picha za zamani, halafu linabaki na watu kumi wanaotakiana Ijumaa njema. Nimekuwa katibu wa mikusanyiko mitatu ya namna hii mkoani Mtwara, na wa nne tunauandaa sasa: darasa la saba la 1996, shule ya msingi moja upande wa Msimbati. Safari hii kundi tumelifungua mwisho.

Tulianza na rejista. Ukimwuliza mtu akutajie aliosoma nao, atakutajia mcheza mpira, mtundu, monita na yule binti aliyekuwa na sauti ya kaswida. Waliokaa nyuma kimya hawatajwi na yeyote, na hao ndio baadaye husema, "Mlikutana bila sisi." Rejista ya uandikishaji, ambayo mwalimu mkuu alituruhusu kuinakili ofisini kwake, ina kila jina, la mzazi na la kijiji. Tulipata majina 47. Namba za simu tulizokuwa nazo zilikuwa 11.

Shida ya rejista ni kwamba jina la shuleni si lazima liwe la mtaani. Huku kwetu mvulana anaweza kutoka jandoni na jina jipya, aliyebatizwa anaitwa vingine nyumbani, na mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe. Mwenzetu mmoja tulimsaka miezi miwili, kumbe ni mama tunayenunua kwake mihogo kila tukishuka mjini. Kwa hiyo kwenye daftari, pembeni ya jina la rejista, acha nafasi ya jina la sasa, halafu namba, mwenye namba, na tarehe uliyoongea naye. "Mwenye namba" ni muhimu, maana wengi vijijini wanapatikana kwa simu ya mtoto au ya jirani. Usipoandika hivyo, mwakani utampigia kijana ambaye hakuelewi, uikate namba ambayo bado ni nzima.

Namba za zamani usizitupe. Tulipewa daftari la michango ya harusi ya 2003 lenye namba za wenzetu saba, zote zikianza na 0744 au 0748. Ukizipiga hivyo hazipatikani. Lakini mitandao ilibadilisha mwanzo wa namba tu: 0744 ya Vodacom ikawa 0754, na 0748 ya Celtel, ambayo leo ni Airtel, ikawa 0784. Tarakimu sita za mwisho zilibaki vilevile. Kati ya hizo saba, mbili ziliita, na waliopokea ni wenyewe.

Namba ikiita si uthibitisho kwamba ni ya mtu wako. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020, na namba iliyolala muda mrefu hupewa mteja mwingine. Njia nyepesi ya kuchungulia ni kuanza kumtumia pesa kidogo kwa simu: jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri, unalisoma, unasitisha. Ila jina likiwa tofauti usikate tamaa, huenda laini ilisajiliwa na mkewe. Piga, salimia, uliza.

Waliobaki tuliwapata kwa mnyororo. Kila aliyepatikana alisomewa majina ya ambao hawajapatikana, yote, polepole, akaombwa ataje mtu anayeweza kuwajua. Hapo ndipo mwenyekiti wa kitongoji, karani wa chama cha ushirika cha korosho na wazee wa diko wanapofaa. Usiwaombe namba ya mtu, waachie yako. Anayetaka kuonekana atapiga, na asiyetaka ana haki hiyo. Kwa waliohamia ng'ambo ya Ruvuma tulimwachia ujumbe mfanyabiashara anayevuka Kilambo mara kwa mara. Mmoja akapiga kwa namba ya Msumbiji, inayoanza na +258, akalalamika kwa nini tumechelewa.

Habari ya kifo iandike kwa penseli kwanza. Katika mkusanyiko wangu wa kwanza nilimtangaza mtu kuwa marehemu kwa neno la mtu mmoja. Watu wakamwombea, wengine wakaanza kuchanga. Jioni akanipigia mwenyewe kutoka Masasi, akauliza rambirambi zake zimefika kiasi gani. Aliyefariki alikuwa kaka yake. Tangu hapo nataka watu wawili, mmoja awe wa familia. Katika 47 wetu, watano wametangulia, 38 tumeongea nao, na wanne bado.

Sasa ratiba. Kosa la kawaida ni kuuliza kundini, "Mnapendelea lini?" Wanaojibu ni wenye bando, wengi wako Dar es Salaam, na hao wanataka Desemba kwa sababu ndipo wana likizo. Huku Desemba mvua zimeanza na korosho ziko mnadani. Sisi tulimpigia kila mmoja na maswali mawili tu: siku gani huwezi kabisa, na kitu gani kitakuzuia kuja hata siku ikiwa nzuri?

Majibu yalijipanga yenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Desemba wakulima hawatoki, lakini ndipo fedha zinapoingia. Katikati ya mwaka wana nafasi zaidi, mfuko mtupu. Basi tunakusanya michango msimu wa mnada na kukutana Juni, walimu wakiwa likizo. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa taa, na hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Tukafungua kalenda: Juni 19, 2027 ni Jumamosi, na mwezi unakuwa mpevu siku hiyohiyo. Ramadhani na Idi zote mbili zitakuwa zimepita.

Mwezi mpevu unaleta bamvua, na hilo likapanga saa. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hutoka sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Asubuhi hiyo kina mama watakuwa mwambani wakitafuta pweza, na ukiwaita saa tatu umewanyima kipato cha siku. Tunaanza saa saba na nusu, adhuhuri ikishaswaliwa. Kwanza dua na sala kwa wale watano, shehe na katekista wote wawili wakiwepo, kisha chakula. Nyama inachinjwa na Mwislamu ili sufuria iwe moja kwa wote. Tunakula uwanjani shuleni, si ufukweni, kwa sababu fukwe nyingi huku ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na suala la kiingilio cha wageni linataka kumalizwa na ofisi ya hifadhi mapema, sio getini mkiwa na basi zima.

Lililokuwa "linawazuia" wengi halikuwa siku. Lilikuwa ile orodha ya michango inayobandikwa kundini, jina na kiasi. Mvuvi mmoja aliniambia haji kusomwa wa mwisho. Tumeifuta. Mhazini anajua nani katoa nini, mkaguzi mmoja anakagua, na kundini inatajwa jumla tu. Anayeleta kuku, muhogo au samaki anaandikwa kuwa ametoa, basi.

Gari la kurudi mjini litaondoka saa kumi na moja na nusu. Wanaolala wataona mwezi ukitoka jua likizama, na wao ndio watakaoosha masufuria.