Cheti cha Kuzaliwa cha Italia: Tuombe Chenye Majina ya Wazazi

Wapo dada zetu wa Malindi na Watamu walioolewa Italia wakazalia huko. Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua Milano, na mumewe sasa yuko kazini London. Familia inapoomba kuungana naye, ni lazima ithibitike kuwa mtoto ni wao.

Mama akienda manispaa akaomba cheti tu, hupewa "certificato di nascita". Waraka huo hutaja jina la mtoto, mahali na tarehe ya kuzaliwa, wazazi hawamo. Karani hakukosea. Sheria ya Italia ya mwaka 1955 iliyaondoa majina ya wazazi katika vyeti vya kawaida, ili mtoto asiyejulikana baba yake asifedheheke.

Basi na aombe dondoo la daftari, akiandika katika fomu: "estratto di nascita con paternità e maternità". Ombi hupelekwa manispaa iliyomwandikisha mtoto, hata kama familia imehamia mji mwingine. Kabla ya kuondoka dirishani, atazame: majina ya baba na mama yamo? Yakiwamo, ndipo aupeleke waraka kwa ofisi ya Prefettura utiwe apostili, kisha utafsiriwe pamoja na apostili yake.