Picha Inapoganda: Enkoda Iliyolemewa na Fremu Zinazoachwa Njiani Katika OBS

Anayerusha harusi au ibada mubashara kwa programu ya OBS akipigiwa simu na jamaa walioko Maskati au London kuwa picha inaganda, jambo la kwanza analolifanya mara nyingi ni kupunguza bitreti, yaani kiasi cha data ya picha kinachotumwa kila sekunde. Kuna siku inasaidia. Kuna siku haisaidii hata kidogo, picha inakuwa chafu zaidi na bado inaganda. Sababu ni kwamba kuganda kwa picha kuna vyanzo viwili vikubwa vinavyofanana sana machoni pa mtazamaji, lakini kimoja kimo ndani ya kompyuta na kingine kiko kwenye mtandao. Dawa ya kimoja haitibu kingine. OBS yenyewe huwa imeshasema ni kipi, ila ni wachache wanaoisoma.

Onyo la kwanza huonekana chini ya dirisha la programu: "Encoding overloaded!" Maana yake enkoda imelemewa. Enkoda ndiyo sehemu inayochukua kila fremu, yaani kila picha moja tuli katika video, na kuibana iwe ndogo kiasi cha kuweza kusafiri mtandaoni. Kazi hiyo ina muda wake. Ukirusha fremu 30 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 33 za kumaliza kila fremu. Ukipandisha hadi 60, muda huo unashuka mpaka milisekunde 17 hivi. Prosesa ikishindwa kumaliza fremu moja kabla ya inayofuata kufika, foleni inajengeka, na OBS inaanza kuziruka baadhi ya fremu ili isizidi kubaki nyuma. Mtazamaji anaona bibi harusi akitembea kwa kurukaruka huku sauti ikiendelea vizuri. Mtandao hauhusiki hapa kabisa. Hata ungekuwa na intaneti ya kasi kuliko zote mjini, fremu hizo hazikuwahi kutengenezwa.

Alama ya pili ni "Dropped Frames", nayo huonekana kwenye mstari wa chini wakati wa kurusha, ikiwa na idadi na asilimia. Hizi ni fremu zilizobanwa vizuri, zikawa tayari kuondoka, zikakosa njia. OBS huziweka kwenye foleni fupi isiyozidi sekunde moja hivi. Laini ikiwa nzito kuliko hapo, huanza kuzitupa. Kinachotupwa ni picha, si sauti, na ndiyo maana mara nyingi watu husikia hotuba ya shehe au mchungaji ikiendelea wakati uso wake umeganda. Kuganda huku huchukua muda kwa sababu fremu nyingi hazibebi picha nzima: hubeba tofauti tu kati yake na fremu iliyotangulia. Zikitupwa, mtazamaji husubiri fremu kamili inayofuata, ambayo kwa mipangilio ya kawaida ya kurusha huja kila baada ya sekunde 2.

Ili kuzitofautisha, fungua menyu ya Docks, kisha Stats. Kwenye matoleo ya zamani Stats imo moja kwa moja ndani ya View. Utaona mistari mitatu inayofaa kukaa mbele ya macho yako muda wote wa kazi. "Skipped frames due to encoding lag" inahesabu zilizorukwa na enkoda. "Dropped Frames (Network)" inahesabu zilizotupwa kwa sababu ya mtandao. "Frames missed due to rendering lag" ni tatizo la tatu: kadi ya picha ndiyo iliyochelewa, hata kabla enkoda haijapewa kazi. Hilo huwapata zaidi wanaorusha michezo ya kompyuta, kwa kuwa mchezo hula nguvu yote ya kadi. Kwao dawa ni kuuwekea mchezo wenyewe kikomo cha fremu, na kwenye Windows kuifungua OBS kwa "Run as administrator" ili ipewe kipaumbele.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini sana. Rekodi kwenye diski wakati unarusha, ukiwa umechagua ubora wa "Same as stream". Faili hilo hupokea fremu zilezile zinazotoka kwenye enkoda. Ukilitazama baadaye ukakuta linarukaruka, kosa liko ndani ya kompyuta. Likiwa laini ilhali watazamaji walilalamika, usiiguse enkoda, tafuta tatizo kwenye laini.

Tuchukue kazi moja tuifuate. Ni harusi ukumbini Mombasa, kompyuta mpakato yenye prosesa ya Core i5 isiyo na kadi ya picha ya peke yake, kamera mbili, na intaneti ya simu. Mrushaji amepanga 1920x1080, fremu 60, enkoda ya "Software (x264)", na ameihamisha "preset" kutoka "veryfast" kwenda "fast" kwa sababu alisikia kuwa ya polepole hutoa picha nzuri zaidi. Ni kweli hutoa, kwa gharama ya prosesa. Baada ya dakika 10 za majaribio, Stats inaonyesha fremu 4,320 zimerukwa kati ya 36,000, yaani asilimia 12. "Dropped Frames" iko sifuri. Hapa hakuna sababu yoyote ya kupunguza bitreti.

Aanze na ukubwa wa kazi. Kwenye Settings, sehemu ya Video, "Output (Scaled) Resolution" iwe 1280x720 na "Common FPS Values" iwe 30. Fremu ya 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, ya 720 haifiki milioni 1, na fremu zenyewe sasa ni nusu. Ukizidisha, nukta ambazo enkoda inapaswa kuzibana kila sekunde zimepungua mara nne na nusu. Watazamaji wengi wa harusi hutumia simu, na kwenye kioo cha simu picha safi ya 720 inatosha kabisa. Mimi naona kung'ang'ania 1080 kwenye mashine dhaifu ni kuwanyima wageni wa mbali harusi kwa ajili ya namba. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu hiyo ya Video hufungwa ukishaanza kurusha, kwa hiyo imalizwe kabla sherehe haijaanza.

Kisha arudishe "preset" kwenye "veryfast", ambayo ndiyo OBS huja nayo. Ikibidi ashuke hadi "superfast", ingawa picha huanza kuchafuka kwenye mwendo wa kasi. Njia bora kuliko hiyo ni kuipunguzia prosesa mzigo wa kubana. Prosesa nyingi za Intel zenye picha za ndani zina kipande cha pekee cha kazi hii, na kwenye Output, chini ya "Video Encoder", huonekana kama "Hardware (QSV, H.264)". Mwenye kadi ya NVIDIA ataona NVENC, mwenye AMD ataona jina la AMD. Kwa mashine ya harusi yetu, hatua hii pekee mara nyingi huliondoa onyo. Akumbuke tu kuwa kipande hicho kinatumia chipu ileile inayochora picha za OBS, hivyo autazame na mstari wa "rendering lag" usianze kupanda.

Baada ya kila badiliko abonyeze "Reset" kwenye Stats, kwa kuwa hesabu hujumlishwa tangu mwanzo na asilimia ya zamani humdanganya mtu. Tena abadilishe kitu kimoja kwa wakati. Na kompyuta iwe kwenye umeme wa ukutani, juu ya meza ngumu. Mashine nyingi hupunguza kasi ya prosesa zikitumia betri au zikipata joto, na ukumbi wa pwani uliojaa watu una joto la kutosha. Mipangilio iliyofanya kazi saa 4 asubuhi inaweza kuleta onyo saa 10 jioni bila yeyote kugusa kitu.

Sasa enkoda imetulia. Wageni wanaingia, na "Dropped Frames" inaanza kupanda: asilimia 1, kisha 5, kisha 9. Hakuna kilichobadilika ndani ya kompyuta. Kilichobadilika ni kwamba simu mia kadhaa zimeingia kwenye mnara uleule na kila moja inatuma picha. Hapa ndipo bitreti inapohusika.

Kinachopimwa ni kasi ya kupakia, si ya kupakua ambayo matangazo ya bando hupenda kuitaja. Ipime ukumbini penyewe, saa ileile ya sherehe kama inawezekana, na utumie si zaidi ya robo tatu ya kipimo cha chini ulichokipata. Ukipata Mbps 3.5 wakati mzuri na 2.4 wakati mbaya, hesabu kwa 2.4: weka "Bitrate" kama 1,600 Kbps na sauti 128. Kwa 720 na fremu 30, picha itakuwa laini kidogo kwenye ngoma na vifijo, lakini haitaganda. Kiasi hicho hutumia takriban megabaiti 780 kwa saa, jambo la kulijua kabla ya kununua bando.

Kwenye Advanced, sehemu ya Network, kuna kisanduku cha "Dynamically change bitrate to manage congestion". Ukikiweka alama, OBS hushusha bitreti yenyewe laini inapobanwa badala ya kutupa fremu, kisha huipandisha. Kwa intaneti ya simu nakipendekeza bila kusita. Pia unganisha simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti, kwa sababu Wi-Fi ya ukumbi uliojaa hupoteza data hata mnara ukiwa mzima. Fremu zikiendelea kutupwa hata kwenye bitreti ndogo sana, tatizo ni laini yenyewe, na hakuna mpangilio wa OBS utakaoitengeneza. Badilisha mtandao.

Kazi ikiisha, fungua Help, kisha Log Files, uangalie mwisho wa faili. Kila tatizo lililotokea lina mstari wake, mfano:

```
number of skipped frames due to encoding lag: 12/324000 (0.0%)
Number of lagged frames due to rendering lag/stalls: 40 (0.0%)
Number of dropped frames due to insufficient bandwidth/connection stalls: 9720 (3.0%)
```

Harusi hii ya saa 3 iliharibiwa kidogo na mtandao, si na kompyuta. Ukihitaji msaada wa fundi, usimwambie tu kuwa picha ilikuwa inaganda. Mtumie mistari hiyo.