Jirani Akishusha Bei, Nasi Tushushe?

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, lilifunguliwa duka jipya hatua sabini hivi kutoka duka la shemeji yangu. Lilikuwa duka kubwa lenye taa nyeupe na vigae sakafuni, na mlangoni pake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: sukari kilo shilingi 128. Shemeji yangu wakati huo akiuza kilo hiyo hiyo kwa 145, naye mwenyewe akiinunua kwa 130. Usiku ule hakulala. Asubuhi alipofungua duka alichukua kalamu akashusha bei ya kila kitu kilichokuwa rafuni, tangu mafuta hadi viberiti.

Nimemwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, naye ameniruhusu kwa sharti nisimtaje jina wala mtaa. Wenye maduka miongoni mwetu ni wengi, na swali lililomfika huenda likamfika yeyote wakati wowote.

Kwanza tuangalie hesabu yake ilivyokuwa kabla ya jirani kuja. Kwa siku duka lilikuwa likiuza kama shilingi 12,000. Katika kila shilingi 100 za mauzo, 88 ni gharama ya bidhaa na 12 ni faida, basi faida ya siku ilikuwa 1,440. Kodi ya fremu, stima na mshahara wa kijana anayemsaidia ni 21,000 kwa mwezi, yaani 700 kwa siku. Zilizobaki, shilingi 740, ndizo zilizokuwa zikienda nyumbani kwa chakula na karo.

Alipozishusha bei, wastani wake ulikuwa shilingi 8 katika kila 100. Kitu alichokinunua kwa 88 na kukiuza kwa 100 sasa akakiuza kwa 92. Mteja aliona punguzo dogo tu, lakini upande wa mwenye duka faida ilitoka shilingi 12 ikawa 4. Ili apate kile alichokuwa akikipata zamani kwa mteja mmoja, alihitaji wateja watatu. Je, mtaa ungeanza kula sukari mara tatu kwa sababu imeshuka bei? Chai haiongezwi vikombe kwa ajili hiyo. Wateja hao wa ziada wangelazimika kutoka kwa jirani, na jirani naye ana kalamu yake.

Wateja walirudi, hilo sikanushi. Katika siku za mwanzo za jirani mauzo yalikuwa yamepungua hadi 9,000, na baada ya kushusha bei yakapanda tena hadi 12,000. Shemeji akafurahi. Lakini faida ya 12,000 kwa bei mpya ni kama 520 tu, nayo haifiki hata ile 700 ya kodi na stima na mshahara. Alipokuwa na mauzo ya 9,000 kwa bei ya zamani, alikuwa akibakiwa na 380 za kupeleka nyumbani. Sasa duka limejaa watu, naye anapoteza kama 180 kila siku ya Mungu.

Hakuligundua jambo hilo kwa daftari. Aligundua siku ya kwenda kununua mzigo. Kwa kawaida fedha za gunia lililokwisha humtosha kununua gunia jingine na chenji ikabaki. Safari hii alihesabu, akahesabu tena, akakuta hazitoshi. Hiyo ndiyo alama ambayo mwenye duka hana haja ya kusoma uhasibu ili aitambue: bidhaa iliyouzwa ikishindwa kujirudisha yenyewe rafuni, basi kinachouzwa ni mtaji. Rafu huanza kuonekana mapengo, mwenye duka huzisogeza pakiti mbele ili yasionekane, na aghalabu hapo ndipo anapokwenda kukopa.

Alinijia baada ya Ijumaa moja, tukaketi barazani. Nilimuuliza, “Shemeji, umeziona bei za mwenzako zote, au umeiona ile ya mlangoni tu?” Akanyamaza. Jioni ile alimtuma binti yake wa kidato cha pili na orodha ya vitu ishirini vinavyonunuliwa sana dukani kwao, akanunue viwili vitatu na azikariri bei za vingine. Jawabu alilorudi nalo lilitustaajabisha. Katika vitu ishirini, sita tu ndivyo vilivyokuwa rahisi kwa jirani. Kumi vilikuwa sawa au vyapishana shilingi moja au mbili, na vinne, vikiwamo sabuni ya kufulia na majani ya chai, vilikuwa ghali kuliko vyetu. Shemeji yangu alikuwa ameshusha bei ya sabuni kumfuata mtu ambaye sabuni yake ilikuwa ghali zaidi! Isitoshe, pakiti moja ya mafuta aliyoinunua binti ilikuwa ya mililita 900, ilhali kila mmoja wetu angeapa kuwa ni lita.

Yakabaki yale sita. Hapa pana swali ambalo wengi hulipita: jirani anauza rahisi kwa sababu ananunua rahisi, au anauza kwa hasara ili watu wamzoee? Majibu hayo mawili yanataka hatua mbili tofauti, na njia ya kuyatofautisha ni nyepesi. Nenda kwa muuzaji wa jumla, umuulize bei anayompa mtu achukuaye mzigo mkubwa kuliko wako. Kisha ilinganishe na bei ya rejareja ya jirani.

Shemeji alifanya hivyo. Kwa sukari, mwenye kuchukua magunia 20 kwa pamoja hupewa gunia la kilo 50 kwa 6,450, yaani 129 kwa kilo. Jirani anauza 128. Basi hiyo ni chambo, kwani hata mnunuzi mkubwa hapati kitu hapo, na chambo haikai kwenye ndoana milele. Mafuta yalikuwa na habari nyingine. Shemeji hununua dumu la lita 20 kwa 5,000, yaani 250 kwa lita, na zamani akiuza 280. Achukuaye madumu 10 hulipata kwa 4,800, yaani 240 kwa lita. Jirani anauza 262, na bado anapata shilingi 22. Mtu huyu hapotezi kitu, na anaweza kuuza hivyo miaka kumi. Unga wa ngano ulikuwa vivyo hivyo: shemeji hununua pakiti ya kilo mbili kwa 160 na kuiuza 175, mwenye kuchukua marobota 20 huipata kwa 155, na jirani anaiuza 166.

Kwa hiyo sukari hakuigusa tena, aliirudisha 145. Waendao na gari kununua kilo kumi waliondoka, lakini jirani hapimi robo wala nusu, na wanunuzi wa robo ndio wengi katika mtaa ule. Ama kwa mafuta na unga, kushindana peke yake kungekuwa ni kupigana na mtu aliyesimama juu ya ngazi. Aliwaendea wenye maduka wawili wa mitaa ya karibu, ambao nao walikuwa wakilia kilio hicho hicho, wakakubaliana kununua pamoja madumu 10 na marobota 20. Fungu lake lilikuwa madumu matatu na marobota saba, shilingi 27,420, mbali na ujira wa mkokoteni. Kila mmoja aliweka fedha mezani kabla ya mzigo kuagizwa, na ikaandikwa nani ametoa nini. Nasisitiza hapo kwa sababu nimeona shirika zuri kama hilo likivunjika kwa mmoja kusema, “Nitawapa Jumatatu.” Sasa anauza mafuta lita kwa 265 na unga 168. Bei zote mbili zingali juu ya zile za jirani kwa shilingi mbili tatu, na kwa tofauti hiyo mama wa mahamri hapandi wala kushuka; ananunua pale anapojulikana, palipo karibu na jiko lake.

Katika siku zile ngumu yalisemwa mengine barazani ambayo sipendi kuyaficha. Mzee mmoja alishauri twende tukamwambie mgeni yule apandishe bei, na akaleta hoja: katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kuwa Sayyidna Umar alimpitia Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu sokoni Madina, akamtaka azidishe bei au aondoke sokoni. Ni kweli imepokewa. Lakini Imamu Shafi'i ameipokea kwa urefu zaidi, kwamba Umar baadaye alimwendea Hatib nyumbani, akambainishia kuwa neno lile halikuwa amri wala hukumu, na auze apendapo na vile apendavyo. Nasi watu wa pwani hii ni Mashafi'i. Mzee akacheka, akasema basi tumwache.

Mwingine alinong'ona kwamba dawa ni kushusha bei na kuisogeza mizani kidogo. Huyo hakujibiwa kwa cheko. Mbali na aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin, ambazo watoto wetu wanazihifadhi madrasa, mteja wa robo kilo huijua robo yake kwa mkono. Akiipima mara moja kwa mizani ya jirani, hutamwona tena, wala dada zake.

Ipo hali moja ambayo kuifuata bei ya jirani ni lazima, nayo ni pale ghali yako inapotokana na uzembe wako. Shemeji alikuwa akinunua maharagwe kwa mchuuzi anayepita na pikipiki, ambaye naye huyatoa Kongowea. Kwa kwenda sokoni mwenyewe mara moja kwa wiki aliweza kushusha bei hadi ya jirani, na faida yake haikupungua hata senti. Jirani hakumnyang'anya kitu hapo, alimwamsha tu.

Katika mwezi wa tatu, karatasi ya mlangoni kwa jirani ilibadilishwa. Sukari ikawa 139. Baadhi ya wanunuzi wa kilo wakarejea, lakini hoteli mbili ndogo zilizokuwa zikichukua mafuta kwa shemeji hazikurejea, wala sidhani zitarejea. Leo duka lake linauza kama 10,000 kwa siku, na faida ni 11 katika kila 100. Ukitoa zile 700, zinabaki kama 400 za nyumbani mahali pa 740. Amezungumza na mwenye nyumba ili ampunguzie kodi au ampe ile fremu ndogo ya nyuma, iliyo karibu na kisima. Mwenye nyumba ameomba apewe hadi Alhamisi.